Kodi Mbadala ya Tritoni Katika Jazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mpiga piano, gitaa au besi ambaye tayari anazijua kodi za saba na ameshawahi kucheza mfuatano wa pili, tano, moja. Mifano karibu yote iko katika ufunguo wa C ili usilazimike kuhamisha kitu kichwani. Herufi ndogo b ni flati, # ni shapu, na m ni maina.

Kodi mbadala ya tritoni ni kitu gani hasa?

Ni kuiondoa kodi ya dominanti na kuweka mahali pake dominanti nyingine, ambayo mzizi wake uko umbali wa tritoni kutoka ule wa kwanza. Mfuatano wa kawaida ni huu wa juu, na uliobadilishwa ni wa chini:

```
Dm7   G7    Cmaj7
Dm7   Db7   Cmaj7
```

Hakuna kingine kilichoguswa. Ajabu yake ni kwamba Db wala Ab, ambazo zote zimo ndani ya Db7, si noti za ufunguo wa C. Kwa hesabu ya karatasi, kodi hiyo ilipaswa kusikika kama mgeni aliyekosea mlango. Lakini inatua kwenye C bila kumshtua msikilizaji, na maswali mengi yaliyo hapa chini yanazunguka jambo hilo moja.

Tritoni ni nini, na kwa nini si umbali mwingine wowote?

Tritoni ni umbali wa toni tatu nzima, yaani nusu toni 6. Oktavu ina nusu toni 12, kwa hiyo tritoni inaikata oktavu katikati kabisa. Toka G, panda nusu toni 6, utafika Db. Toka G tena, shuka nusu toni 6, utafika Db vilevile. Hakuna umbali mwingine ndani ya oktavu wenye tabia hiyo. Ukipanda nusu toni 7 kutoka G unafika D, ukishuka 7 unafika C, na hizo ni noti mbili tofauti.

Tabia hiyo ina matokeo yake. Kwenye piano kuna noti 12, lakini tritoni tofauti ni 6 tu, kwa sababu B kwenda F na F kwenda B ni jozi ile ile iliyogeuzwa juu chini. Kodi za dominanti ni 12, na kila moja ina tritoni ndani yake, kati ya noti yake ya tatu na noti yake ya saba. Dominanti 12 zikigawana tritoni 6, lazima kila tritoni iwe na wenyewe wawili. G7 na Db7 ni wenyewe wawili wa B na F. D7 na Ab7 wanagawana F# na C. A7 na Eb7 wanagawana C# na G. Huhitaji kukariri orodha nzima: chukua mzizi wowote, hesabu nusu toni 6, na umempata mwenzake.

Kabla ya kuibadilisha G7, kwa nini yenyewe inataka kwenda C?

Aliyewahi kuimba kwaya kwa solfa anaijua sababu hata kama hajawahi kuielezwa. Katika ufunguo wa C, B ni *ti* na F ni *fa*. *Ti* ukiishikilia peke yake inakusukuma upande hadi *do*, nusu toni moja tu. *Fa* inakuvuta ushuke hadi *mi*, nayo ni nusu toni moja. Zikilia pamoja zinatengeneza tritoni, sauti yenye ukakasi unaotaka kufunguliwa, na kila moja ina njia fupi ya kutokea upande wake.

Jaribu hivi: piga B na F peke yake, bila G na bila D. Kisha piga C na E. Utasikia mwendo mzima wa dominanti kurudi nyumbani, ingawa hujagusa mzizi. Noti ya tano ya G7, yaani D, haina kazi kubwa na wapiga piano huiacha kila siku bila mtu kuona tofauti. G yenyewe inatoa jina la kodi na kuipa besi mruko wake wa kwenda C. Lakini mvutano wenyewe uko kwenye B na F.

Basi inakuwaje Db7 itue kwenye C kwa ulaini ule ule?

Zitazame noti zake: Db, F, Ab, Cb. Hiyo Cb, kwenye kibodi, ni B. Kwa hiyo *ti* na *fa* za ufunguo wa C zimo ndani ya Db7, zote mbili. Kilichobadilika ni vyeo. Ndani ya G7, B ni noti ya tatu na F ni noti ya saba. Ndani ya Db7, F ndiyo ya tatu na B ndiyo ya saba. Zimebadilishana viti, lakini sikio halisomi vyeo. Linasikia B na F, na linajua zinakotaka kwenda.

Nusu ya jibu ni hiyo, na wengi huishia hapo. Nusu nyingine ni noti zilizobaki. G7 inapokwenda C, B inapanda nusu toni hadi C, F inashuka nusu toni hadi E, D inasogea toni nzima hadi C au E, na G inabaki ilipo. Besi inaruka kutoka G hadi C. Sasa ifuate Db7:

```
Db → C    nusu toni chini
F  → E    nusu toni chini
Ab → G    nusu toni chini
B  → C    nusu toni juu
```

Kila sauti ina safari ya nusu toni moja. Ab na Db, zile noti mbili ngeni zilizotutia wasiwasi mwanzoni, kila moja imesimama nusu toni juu ya noti ya kodi ya C. Ugeni wao ndio unaowafanya wawe na haraka ya kushuka. Kwa hiyo usiseme kwamba Db7 inatua *ingawa* ina noti za nje ya ufunguo. Noti hizo zinasaidia kazi. Db kwenye besi inafanya kutoka juu kile ambacho *ti* inafanya kutoka chini: inaibana C kwa nusu toni.

Ninachokipenda hapa ni kwamba, kwa kipimo cha safari ya kila sauti, kodi mbadala ni laini kuliko ile ya asili. Inachopoteza ni G iliyokuwa imesimama katikati ya kodi zote mbili kama noti ya pamoja, na pia ule mruko wa besi unaotangaza kwamba tumefika. Ndiyo maana G7 inasikika kama mtu anayefunga hotuba, na Db7 inasikika kama mtu anayekaa kitini polepole.

Katika jazi tunamalizia kwa Cmaj7, na B tayari imo ndani yake. Je, *ti* bado inatua?

Swali zuri, kwa sababu vitabu vya hamoni ya kikanisa havilijibu. Mara nyingi haitui. B inabaki palepale na kugeuka kuwa noti ya saba ya Cmaj7. Hapo mzigo wa kutua unabebwa na F inayoshuka hadi E, pamoja na besi. Tritoni B na F inafunguka na kuwa B na E, umbali wa nne kamili usio na ukakasi, na hilo linatosha. Ukitaka mwisho uliofungwa zaidi, piga C6 badala ya Cmaj7: B utaipeleka C au A, na wimbo utasikika umekwisha kweli.

B na Cb ni noti moja kweli, au tunadanganyana?

Kwenye piano, gitaa au kinanda cha umeme ni noti moja, kwa sababu ala hizi zimepangwa kwa nusu toni 12 zilizo sawa. Mwimbaji au mpiga fidla asiye na piano nyuma yake anaweza kuisogeza kidogo: *ti* inayotaka kupanda huimbwa juu kidogo, noti ya saba inayotaka kushuka huimbwa chini kidogo. Tofauti ni ndogo. Lakini hila hii yote inategemea upangaji huo wa ala za leo.

Nianzie wapi kwenye piano?

Anza na noti tatu tu kwa kila kodi: mzizi, ya tatu na ya saba. Mkono wa kushoto upige mzizi, wa kulia upige hizo mbili nyingine karibu na C ya kati. Kwa Dm7 kushoto ni D, kulia F na C. Kwa G7 kushoto ni G, kulia F na B. Kwa Cmaj7 kushoto ni C, kulia E na B. Uone mkono wa kulia unavyofanya kazi kidogo: kila hatua kidole kimoja tu kinashuka nusu toni.

Sasa rudia yote, ila kodi ya pili mkono wa kushoto upige Db badala ya G. Mkono wa kulia usiuguse hata kidogo. Umeshabadilisha kodi. Besi inashuka D, Db, C, na juu yake F na B zimekaa vilevile zilivyokuwa kwenye G7. Fanya hivyo katika funguo tatu au nne na utaacha kuliona jambo hili kama fomula.

Baada ya hapo ndipo uongeze rangi. Kwenye Db7, noti ya kwanza ya kuongeza ni G, ambayo ni ya kumi na moja shapu ya Db. Hii inarudisha kwenye kodi ile noti ya pamoja tuliyoipoteza. Ya pili ni Eb, noti ya tisa, ambayo itashuka nusu toni hadi D ukiwa na Cmaj9.

Na kwenye gitaa?

Gitaa linaonyesha jambo hili vizuri kuliko piano. Namba ni freti, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba, na x ni uzi usiopigwa:

```
Dm7    x 5 3 5 x x
G7     3 x 3 4 x x
Db7    x 4 3 4 x x
Cmaj7  x 3 2 4 x x
```

Linganisha G7 na Db7. Uzi wa nne uko freti ya 3 kwa kodi zote mbili, na hiyo ni F. Uzi wa tatu uko freti ya 4, nayo ni B. Kinachohama ni kidole cha besi tu. Ukipiga Dm7, Db7, Cmaj7, kidole hicho kinashuka freti ya 5, 4, 3 kwenye uzi mmoja.

Mpiga piano akipiga Db7 na mpiga besi hajui, akabaki na G, si itakuwa vurugu?

Wengi huogopa hili, na hofu hiyo haina msingi mkubwa. Ziweke noti za Db7 juu ya G na uhesabu: F ni ya saba ya G, B ni ya tatu, Ab ni ya tisa flati, Db ni ya kumi na moja shapu. Umepata G7 iliyokolezwa, kodi ambayo wapiga jazi huiandika makusudi. Kinyume chake pia hufanya kazi. Besi akienda Db huku piano ikiwa na G7, unasikia Db7 yenye tisa flati (hiyo ni D) na kumi na moja shapu (hiyo ni G).

Ndiyo sababu mpiga saksofoni anaweza kusolo juu ya Db7 bila kumwambia mtu yeyote. Bendi inaendelea na G7, yeye anapita njia ya pembeni, na wote wanafika C pamoja.

Vurugu ya kweli hutokea sehemu nyingine: wapiga ala wawili wanapojaza noti za tano na za tisa bila kusikilizana, kwenye sauti za chini. D ya mmoja na Db ya mwingine zikigongana chini ya C ya kati zitanguruma. Kama hamjapatana, wa chini apige mzizi tu, na rangi zote zikae juu.

Nitajuaje kama melodi inaruhusu?

Hapa ndipo watu huharibu. Kabla ya kubadilisha, angalia noti ya melodi inayolia juu ya dominanti, kisha uiulize ina cheo gani kwenye kodi mpya. Katika ufunguo wa C, G7 ikiwa Db7, hali huwa hivi. Melodi ikiwa B au F, hakuna tatizo, ni noti za ndani ya kodi. Ikiwa G, imekuwa ya kumi na moja shapu, na kwa sikio langu hiyo ndiyo nafasi tamu kuliko zote. Ikiwa D, ni ya tisa flati: kali kidogo, lakini inavumilika ikiwa inaelekea C. A inakuwa ya kumi na tatu flati, na E inakuwa ya tisa shapu. Zote mbili zinakubalika katika jazi, ingawa E ikilia kwa muda mrefu karibu na F ya mkono wa kulia inahitaji nafasi, vinginevyo itasikika kama kosa.

Iliyo mbaya ni C. Juu ya Db7, C ni noti ya saba kubwa, nayo inapigana na B ambayo ni saba ya kodi na pia na Db ya besi. Melodi ikishikilia *do* juu ya dominanti, iache G7 iwe G7, au uifanye kuwa kodi ya kuning'inia yenye C badala ya B, kisha uibadilishe katika mapigo ya mwisho, melodi ikishaondoka.

Utaona kuna mpangilio. Noti zilizokuwa za kawaida kwenye G7 zinageuka kuwa za kukolea kwenye Db7, na zilizokuwa za kukolea zinageuka kuwa za kawaida. Ab ilikuwa tisa flati ya G, sasa ni ya tano ya Db. Bb ilikuwa tisa shapu, sasa ni ya kumi na tatu. Eb ilikuwa kumi na tatu flati, sasa ni ya tisa.

Nisolo kwa skeli gani?

Kwa Db7, tumia skeli ya Db meja, lakini ya nne ipandishe na ya saba ishushe: Db, Eb, F, G, Ab, Bb, B. Sasa zipange noti hizo hizo kuanzia G: G, Ab, Bb, B, Db, Eb, F. Hiyo ndiyo skeli ambayo wapiga jazi hutumia juu ya G7 iliyokolezwa kila upande. Ni noti saba zile zile. Aliyejifunza moja ameshajifunza nyingine, na ubishi wa ipi ni "sahihi" hauna maana, kwa sababu jina linaamuliwa na besi.

Nipe wimbo halisi ninaoweza kuusikiliza.

"Satin Doll" ya Duke Ellington na Billy Strayhorn, ya mwaka 1953. Sehemu ya kwanza, katika ufunguo wa C, inakwenda hivi kwa kawaida, baa moja kila kisanduku:

```
| Dm7 G7 | Dm7 G7 | Em7 A7 | Em7 A7 |
| Am7 D7 | Abm7 Db7 | Cmaj7 | Cmaj7 |
```

Itazame baa ya 6. Umetoka Am7 na D7, kwa hiyo sikio linasubiri Dm7 na G7 kisha C. Badala yake unapewa Abm7 na Db7. Db7 ndiyo mbadala wa G7. Abm7 imetangulia kwa sababu ndiyo kodi ya pili ya Db7, kama Dm7 ilivyo kwa G7. Waandishi wamebadilisha jozi nzima, si dominanti peke yake. Kwa baa moja unahisi muziki umehamia ufunguo mwingine kabisa, ufunguo wa Gb, halafu Db inateleza hadi C na kumbe hatukwenda mbali.

Ukichoka na huo, sikiliza "The Girl from Ipanema" ya Antônio Carlos Jobim, ya mwaka 1962, katika ufunguo wa F. Sehemu ya kwanza inaishia Gm7, Gb7, Fmaj7. Kwa kawaida ungetegemea Gm7, C7, F. Ni bosanova ya Brazili, lakini hesabu ni ile ile, na besi inashuka G, Gb, F kwa utulivu unaoufaa sana wimbo huo.

Je, naweza kuunganisha kadhaa mfululizo?

Ndiyo, na ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Chukua Em7, A7, Dm7, G7, C. Badilisha dominanti zote mbili: Em7, Eb7, Dm7, Db7, C. Besi inashuka E, Eb, D, Db, C, nusu toni kila mara. Inapendeza mara moja mwishoni mwa mzunguko. Ukiifanya kila mzunguko, msikilizaji anaacha kusikia mvutano na anasikia ngazi tu, na mruko wa G kwenda C uliokuwa unamwambia wimbo uko wapi umepotea. Mimi huuacha mzunguko wa kwanza ukiwa safi.

Kama kila kitu kinashuka nusu toni, si ni kuteleza kodi tu?

Karibu, lakini si sawa. Tazama tena mchoro wa sauti nne: tatu zinashuka, B inapanda au inabaki. Ukiuteleza mkono mzima bila kubadili umbo, B itashuka hadi Bb na utapata C7, si C ya nyumbani. Katika bluzi hilo linakubalika kabisa, maana huko hata kodi ya nyumbani ina noti ya saba. Katika wimbo unaotaka kufunga kwa Cmaj7 litakuacha njiani.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wa hamoni ya zamani watakukemea: Db na Ab zikishuka pamoja hadi C na G, hizo ni tano sambamba. Wapiga jazi hawajali. Na hata watunzi wa Ulaya hawakuwa na msimamo mmoja, kama utakavyoona katika jibu linalofuata.

Nani aliigundua?

Hakuna mtu mmoja. Katika muziki wa Ulaya wa karne ya 18 na 19, kodi iitwayo sita iliyoongezwa ya Kijerumani ilikuwa na sauti hii hii. Katika ufunguo wa C ni Ab, C, Eb, F#, na inakwenda G. Kwenye piano hiyo ni Ab7, mbadala wa D7, na tano sambamba zinazotokea hapo mpaka leo huitwa tano za Mozart. Kwinteti ya nyuzi ya Schubert katika C, ya mwaka 1828, inafunga na Db ikianguka kwenye C, na ukiisikiliza baada ya kusoma haya hutaisikia kama zamani.

Tofauti ni ya matumizi. Watunzi wale waliiweka hasa kabla ya kodi ya tano, kama hatua ya maandalizi. Wapiga jazi waliifanya ichukue nafasi ya kodi ya tano yenyewe, mlangoni kabisa mwa nyumbani. Art Tatum alikuwa akikoleza kodi za nyimbo kwa njia kama hizi kwenye piano katika miaka ya 1930, na katika miaka ya 1940 kizazi cha bibopu, Thelonious Monk na Dizzy Gillespie miongoni mwao, kiliifanya kuwa lugha ya kila siku.

Bendi zetu za zamani zilizojiita Jazz, kama Morogoro Jazz au OK Jazz ya Kinshasa, zilitumia?

Usiitafute huko. Jina lilikuwa la kimataifa, lakini dansi na rumba zilijengwa zaidi juu ya kodi ya kwanza, ya nne na ya tano, na utamu wake uko kwenye magitaa yanayosukana, si kwenye kubadilisha dominanti.

Bb7 kwenda C nayo ni mbadala wa tritoni?

Hapana, ingawa watu huichanganya kila mara kwa sababu nayo ni dominanti "ngeni" inayotua C. Angalia noti zake: ya tatu ni D, ya saba ni Ab. Tritoni yake ni D na Ab, si B na F. *Fa* imo kama noti ya tano, *ti* haimo kabisa. Mwenzake wa tritoni ni E7, si G7. Inatua kwa njia nyingine, kwa rangi ya Fm iliyomo ndani yake, na ladha yake ni ya upole zaidi.

Kipimo ni hicho hicho kwa kodi yoyote unayoitilia shaka. Tafuta ya tatu na ya saba. Kama si zile zile za dominanti ya asili, una kitu kingine mkononi. Kwa kipimo hicho hata Dbmaj7 kwenda Cmaj7 si mbadala kamili, kwa kuwa saba yake ni C, si B. Inasikika vizuri, lakini mvutano umeshalegezwa kabla ya kufika.

Inafanya kazi ikiwa nyumbani ni maina?

Inafanya kazi. Db7 kwenda Cm7, besi inashuka vilevile na Ab inashuka hadi G. Tofauti ni F, ambayo sasa inashuka toni nzima hadi Eb, kwa hiyo mtuo unakuwa na msukumo mdogo kidogo. Tena Ab si mgeni katika C maina, ni noti ya ufunguo. Ndiyo maana mshtuko ni mdogo kuliko katika meja, na Db peke yake ndiyo inayobeba rangi. Ukitaka ukali zaidi, weka G juu ya Db7 na uishikilie mpaka ndani ya Cm7, huku besi ikishuka chini yake.